Mafuta Juu, Karanga Chini

Kwenda supamaketi na dada yangu ni adhabu. Wenzake huingia, wakachukua mkate na sabuni, wakalipa, wakaondoka. Yeye husimama mbele ya rafu ya siagi ya karanga, akachukua chupa ya mtengenezaji mwingine, akaigeuza kisogo, akaanza kusoma kwa sauti ya mgeni rasmi.

“Mbele wameandika ‘asilia’. Haya, tugeuze. Karanga, sukari, mafuta ya mimea yaliyogandishwa, chumvi, molasi. Unaona sukari ilivyokaa ya pili? Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Na bado wameirudisha kwa mlango wa nyuma. Molasi ni nini kama si sukari iliyovaa koti?”

“Dada, twende. Watu wanataka kupita.”

“Wapite, nimewashika miguu? Na hawa je? ‘Haina kolesteroli.’ Lini karanga ikawa na kolesteroli? Si bora waandike kwenye maji ya chupa kwamba hayana mifupa!”

Mtu nyuma yetu hucheka, na mimi hujifanya nasoma bei za maharage. Dada yangu hana aibu. Mama alikuwa akisema aibu zote za nyumba yetu ziligawiwa siku niliyozaliwa mimi, zikaniishia mwilini.

Asifikiriwe kuwa ni mkorofi wa kuzaliwa. Ana haki ya kusimama pale, maana mwisho wa rafu hiyo hiyo, chini kidogo ya usawa wa macho, zimo chupa zake mwenyewe. Alianza na mashine ndogo ya kusagia, jikoni, akisagia majirani. Kabla ya hapo alikuwa akipiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akisimama mchana kutwa katika mvuke, akirudi nyumbani uso umemvimba kama aliyelia. Alipopata nafasi ya rafu supamaketi alikwenda kuaga kazi ile kwa furaha iliyopitiliza. Alimkumbatia hata msimamizi wake, mtu ambaye hawakuwa wakisalimiana.

Sasa tuna chumba kimoja cha kazi nyuma ya nyumba, chenye sakafu ya vigae na dirisha la wavu. Asubuhi tunachambua karanga mezani. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zinatupwa, na Dada hapo hana huruma, hata moja yenye kovu haipiti. Kisha tunazikaanga hadi zitoe ile harufu inayowaleta majirani dirishani na salamu zisizo na kichwa wala miguu. Zikipoa, tunapukuta maganda na kuzisaga. Mara ya kwanza hutoka unga mzito. Mara ya pili mafuta yake huachia, nao ule unga hulegea na kuanza kutiririka. Tunatia chumvi kidogo, basi. Mimi najaza, nafunika na kubandika lebo. Dada anapita nyuma yangu akinisahihisha, na mimi nanuna, na kazi inakwenda.

Siagi ya namna hiyo, ukiiacha itulie, hujitenga. Mafuta ya karanga ni mepesi kuliko chembe za karanga zenyewe, kwa hiyo hupanda juu taratibu, na joto likizidi hupanda upesi zaidi. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Unachukua kijiko, unakoroga, unakula. Tulidhani dunia nzima inajua.

Dunia nzima ilikuwa haijui. Siku moja Meneja wa supamaketi alituita ofisini kwake. Ni kijana nadhifu sana, anayenyoosha vitu hata visivyopinda. Alikuwa na kikapu miguuni, na ndani yake zilikuwamo chupa zetu, zimerudishwa na wateja.

“Dada, hizi zimeharibika,” alisema kwa upole.

Dada akaokota moja, akaiinua kwenye mwanga. Juu ilikuwa na mafuta yenye rangi ya dhahabu, safi kabisa. “Hii? Hii haijaharibika. Imejitenga tu. Ikiharibika utaipata kwa harufu na ladha chungu.”

“Mimi nakuelewa. Mteja haelewi. Anaona mafuta yanaelea, anasema nimemuuzia kitu kibovu. Zile nyingine mbona hazijitengi?”

“Zimetiwa mafuta yaliyogandishwa.”

“Basi na wewe tia.”

Alivyosema, ungedhani anamshauri mtu avae sweta. Kisha akatupasulia: kuna watu wa biskuti wanaitaka ile nafasi. Akampa Dada muda mpaka mwisho wa mwezi. Chupa zikiendelea kurudishwa, rafu inakwenda kwa biskuti. Duka hilo ndilo lililokuwa likichukua karibu mzigo wetu wote. Tulipotoka nje Dada hakusema kitu mpaka tunafika nyumbani, na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu dada yangu akinyamaza ujue hali ni mbaya.

Kesho yake alirudi na pakiti ya mafuta meupe, magumu kama mshumaa.

“Usiniangalie hivyo,” aliniambia. “Najaribu tu.”

Tukajaribu. Yanahitajika kidogo sana, ukilinganisha na karanga ni kama chumvi kwenye mboga. Unayayeyusha, unayachanganya siagi ikiwa bado ya moto, unaiacha ipoe. Yakiganda yanayashika yale mafuta ya karanga yasipande. Tukaongeza na sukari, maana Dada alisema kama ni kuanguka basi tuanguke kwa vishindo.

Nisidanganye, ilikuwa tamu. Ilikuwa laini, imetulia, juu pamesawazika utadhani pamepigwa pasi. Nilikula kijiko cha kwanza nikajifanya naonja, cha pili nikajifanya nahakikisha. Cha tatu Dada akaninyang’anya.

“Ni nzuri,” nilisema.

“Najua ni nzuri. Sijawahi kusema za wenzangu ni mbaya mdomoni.”

“Na ni sumu?”

“Sumu nini, usitie chumvi. Yale yaliyogandishwa nusunusu ndiyo yenye mafuta mabaya kwa moyo, yale ambayo madaktari wanayapiga vita. Haya yamegandishwa kabisa, ni mafuta mazito tu kama mafuta mengine mazito. Mtu mzima akila kidogo hafi.”

“Sasa tatizo liko wapi?”

Alivuta karatasi aandike lebo mpya, kwa kuwa mchapaji alikuwa anasubiri maneno. Akaandika: Viambato. Akaandika: karanga. Akaandika: sukari. Kisha kalamu ikasimama hewani. Nilimwona midomo yake ikicheza, anajisomea mwenyewe kwa sauti ile ile ya kwenye rafu, na uso wake ukaanza kubadilika. Nadhani alijiona amesimama nyuma ya mgongo wake mwenyewe, anajisoma.

“Siwezi,” alisema. “Watu wanaokuja kwangu wanakuja kwa sababu vitu hivi havimo. Wakitaka yenye hivi vitu, zimejaa tele, na nzuri kuliko yangu. Mimi nitakuwa nauza nini?”

“Utakuwa unauza,” nilimjibu, maana nilikuwa na hasira na woga pamoja. “Usipouza utarudi kupiga pasi, na mimi nitarudi kukaa nyumbani nikikuhurumia.”

Aliichana ile karatasi. Chupa yenyewe hakuitupa. Tuliimaliza kwa mkate, sisi wawili, na hatukuona haya.

Akampigia Meneja simu akaomba meza. Meza ndogo tu, Jumamosi, mbele ya rafu, awaonyeshe wateja namna ya kukoroga. Meneja alikubali, nadhani kwa sababu meza haikumgharimu kitu na alitaka dhamiri yake ilale vizuri.

Jumamosi tulitandika kitambaa cheupe. Tukapanga chupa, vijiko na mkate uliokatwa vipande vidogo. Dada alivaa gauni lake la harusi za watu wengine. Duka lilikuwa limejaa. Alianza vizuri kweli, anachekesha watu, anakoroga, anawalisha, na Meneja alikuwa amesimama pembeni kwenye njia ya sabuni, anajifanya ananyoosha sabuni.

Ndipo akaja yule mama.

Tulikuwa tunamwona mara nyingi dukani. Kati yetu tulimwita Bibi Miwani, kwa sababu huvaa miwani, na juu ya miwani hushika kioo cha kukuzia maandishi. Hakuna anachonunua bila kukisoma. Dada alimpenda kwa mbali, kama mchezaji anavyompenda mchezaji wa timu nyingine. Siku hiyo alikuja moja kwa moja mpaka mezani, akatoa mfukoni chupa yetu iliyofunguliwa, akaitua juu ya kitambaa cheupe.

“Shikamoo, Mama,” Dada alisema.

“Marahaba. Wewe ndiye mwenye hii?”

“Ndimi.”

“Basi wewe ni mwongo.”

Vijiko vyote vilisimama. Hata Meneja aliacha sabuni.

“Samahani, Mama?”

“Hapa mbele umeandika kwa herufi kubwa, ‘BILA SUKARI’. Hapa nyuma, kwenye jedwali, kwa herufi za mchwa, umeandika sukari, gramu nne katika gramu mia. Nisomee mwenyewe kama macho yangu yamezeeka.”

Dada alikuja juu. Alisema yeye hajawahi kutia hata punje ya sukari, alisema njooni mkague jikoni kwangu, alisema Mama umekosea, hiyo labda ni chumvi. Bibi Miwani hakubishana. Alimnyooshea kile kioo. Dada akakishika, akainama, akasoma. Nilimwona shingo inalegea.

Ukweli ni kwamba yeye aliyesoma lebo za dunia nzima hakuwahi kusoma jedwali lake. Alisoma viambato vya wenzake, akawacheka. Tarakimu za kwetu zilitoka maabara siku tulipokuwa tunaomba kuingia dukani, tukazipeleka kwa mchapaji kama zilivyo, tukazibandika. Maneno “BILA SUKARI” aliyatunga yeye mwenyewe, kwa furaha, jikoni.

“Ngoja,” alisema. “Mama, naomba ungoje kidogo.”

Alimpigia simu mama wa maabara aliyetupimia siagi, pale pale, mbele ya watu, akaweka simu juu ya meza kila mtu asikie. Hilo nalo ni dada yangu mtupu. Mwingine angekwenda kupiga simu chooni.

“Sukari hiyo umeitoa wapi?” Dada alimuuliza, hata salamu hakukumbuka.

“Kwenye karanga,” sauti ilijibu, imetulia. “Karanga ina sukari yake, kidogo, tangu ardhini. Hukuitia wewe. Kwa hiyo huwezi kusema bila sukari. Sema haijaongezwa sukari, hapo utakuwa sawa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia. Ulikuwa unanisimulia lebo za wenzako.”

Watu walivunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamtazama dada yangu na kicheko kikaniganda. Macho yake yalikuwa yamejaa. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa ameona aibu, kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni pake, na hakikumkaa vizuri hata kidogo.

“Mama, ni kweli,” alimwambia Bibi Miwani. “Sikutia, lakini nimeandika vibaya. Nimekosa. Nakurudishia hela yako sasa hivi.”

“Sitaki hela,” Bibi Miwani alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Mume wangu ana kisukari. Macho yake hayaoni maandishi tena. Chochote anachoweka mdomoni, mimi ndiye nimekisoma. Ananiuliza tu, ‘Umesoma?’ nikisema ndiyo, anakula. Sasa nikute mbele inasema hivi na nyuma inasema vile, nimwambie nini? Gramu nne si kitu, nitazihesabu. Lakini nizijue.”

Dada alichukua kalamu ya wino mzito, akavuta chupa moja, akakata maneno yale, juu yake akaandika kwa mkono: Haijaongezwa sukari. Akavuta ya pili. Mimi nikachukua kalamu nyingine. Tulikuwa tunaandika hivyo, vichwa chini, wateja wakitutazama, na moyoni nilikuwa nimeshaizika ile rafu. Nilikuwa naziona biskuti zimepangwa.

“Na jambo la pili,” Bibi Miwani akasema.

“Lipo la pili?” nilitoka nalo bila kufikiri.

“Hii siagi yenu ni saruji. Nimeipaka kwenye mkate, mkate umechanika.”

Dada aliinua kichwa. Akaifungua ile chupa, akatazama ndani, akachoma kijiko. Kijiko kilisimama wima peke yake.

“Mama, mafuta ya juu uliyafanyaje?”

“Niliyamwaga. Daktari amesema mafuta yapungue. Nilifungua, nikayaona yamekaa hapo juu peke yake, nikasema hayo hayo, nikayamimina kwenye sinki.”

Nilimtazama dada yangu nikajua anatamani kucheka na anaogopa. Bibi Miwani naye alimtazama. Wakaangaliana hivyo, wasomaji wawili, kila mmoja na kosa lake mezani, halafu wote wawili wakacheka mpaka mama akavua miwani akajifuta.

“Yale ndiyo yanayoilainisha,” Dada alisema. “Ni mafuta ya karanga zile zile, si kitu kilichoongezwa, wala si uchafu uliopanda. Ukiyamwaga unabaki na makapi. Kama unataka mafuta yapungue, punguza kijiko, usipunguze chupa. Tazama.”

Alifungua chupa mpya, juu mafuta yanang’aa. Akaingiza kijiko mpaka chini kabisa, akakiinua taratibu, akazungusha, akainua. Mafuta yalizama, siagi ikapanda, vikachanganyika, ikawa laini inayodondoka kijikoni. Akampakia Bibi Miwani kipande cha mkate. Mkate haukuchanika.

Bibi Miwani alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akaichukua ile chupa na kioo chake, akasoma lebo nzima kwa sauti, yale ya kuchapwa na yale ya kalamu. Alipofika kwenye viambato akasoma, “Karanga, chumvi.” Akaizungusha chupa nzima.

“Mengine yako wapi?”

“Hakuna mengine, Mama.”

“Hayakufutika?”

“Hayakuwapo.”

“Nipe mbili,” alisema. “Na unifundishe nifanye nini nyumbani nisipate shida ya kukoroga, mkono huu unauma.”

Dada akamwambia: kabla hujaifungua, igeuze kichwa chini, mfuniko ukiwa umekazwa, uiache hivyo mpaka kesho yake. Mafuta yatasafiri yenyewe kupitia karanga kwenda juu, nusu ya kazi imekwisha. Ukishaifungua na kuikoroga, iweke kwenye friji, itakawia kujitenga. Watu wawili watatu waliosimama karibu nao wakataka. Mmoja akakiri kuwa yeye pia alimwaga. Mwingine akanong’ona kuwa yeye ndiye aliyerudisha yake wiki iliyopita, je, anaweza kuipata tena?

Hapo ndipo Meneja alipotoka kwenye njia ya sabuni. Alikuja mpaka kwenye rafu yetu, akasimama mbele ya chupa zilizobaki, mikono nyuma. Dada aliacha kukoroga.

“Ukizigeuza,” Meneja aliuliza, “hazivuji?”

“Hazivuji,” nilisema haraka kuliko Dada. “Vifuniko nakaza mimi.”

Akachukua chupa ya kwanza, akaigeuza kichwa chini. Akaitazama. Akachukua ya pili, akaigeuza, akaisogeza isawazike na mwenzake. Mtu yule asiyeweza kuona sabuni imekaa upande alikuwa anapindua rafu nzima kwa mikono yake, lebo zote miguu juu, maandishi yote kichwa chini.

“Wateja hawataweza kusoma jina,” Dada alisema.

“Watazigeuza,” Meneja alisema. “Wakishazigeuza mkononi, watasoma na nyuma.” Alisogea nyuma hatua, akapima kwa macho, akarudi kunyoosha moja. “Lebo mpya nizione kabla ya mwezi kuisha. Watu wa biskuti nitawatafutia mahali pengine.”

Dada yangu alilia. Alilia wazi wazi katikati ya supamaketi, amevaa gauni lake zuri, kijiko mkononi, na Bibi Miwani akampa leso bila kumwuliza. Mimi nilitaka kumtania, nilikuwa na neno tayari kabisa ulimini, lakini nikaliacha, nikaenda kumsaidia Meneja kugeuza chupa.